Kiwanda cha kutengenezewa kimeniumiza, losheni imeoza ndani ya chupa. Nifungue changu?

Wakuu nina hasira hapa sina hata pa kuzishusha. Nimeanzisha brandi ya losheni, kila mtu akaniambia usihangaike na mashine, peleka jina na lebo kwa mwenye kiwanda akutengenezee. Oda ya chini chupa 1,000, nusu ya hela mbele. Sampuli ilikuwa safi kabisa. Mzigo umekuja, haukukaa hata miezi miwili, mafuta juu maji chini, ukifungua harufu ya maziwa yaliyolala. Nampigia ananiambia "dada uliweka juani". Juani wapi na iko stoo! Naomba rekodi ya bechi, hana. Naomba fomula niende kwingine, eti fomula ni mali ya kiwanda. Na juzi Kariakoo nakutana na brandi ya mtu mwingine, losheni ileile, harufu ileile, mpaka kifuniko! Si bora nifungue kiwanda changu kidogo tu??

Mkaa Tabata: Fungua mkuu. Losheni sehemu kubwa ni maji, unamlipa mtu akuuzie maji? Ndoo, jiko na mikisa ya mkono, umemaliza.

Mpika Bechi: Ni maji kweli, na ndio maana inaoza. Dada, una matatizo mawili hapo. Kujitenga ni upikaji, mafuta na maji yanatakiwa yapashwe yote mpaka nyuzi 70 hivi ndio yakutane, wakiharakisha yanaachana baadaye. Harufu ni bakteria, hapo angalia kihifadhi. Kuna wanaotia sodiamu benzoeti kwa sababu ni rahisi, ila hiyo inataka losheni yenye asidi, pH 5 kushuka. Nunua karatasi za pH uchovye, ukikuta 7 na ndicho walichotia, ni kama hawakutia kitu.

Mama Sabuni: Mimi natengeneza sabuni ya maji, hizo chupa Kariakoo ulichukua bei gani?

Mleta uzi: Sijaongelea bei ya chupa jamani!! @Mpika Bechi nimepima, inasoma 7. Kihifadhi gani ametia hataki kusema. Sasa nikipika mwenyewe si nitakuwa najua ninachotia?

Mpika Bechi: Utajua, ila kila kitu kitakuwa juu yako. Maji ya kuchuja, chumba kisicho na vumbi, hela ya maabara kupima vijidudu, halafu TBS wanataka kuona eneo na bidhaa isajiliwe. Kwa chupa 1,000 zinazotoka taratibu hiyo gharama itakula faida yote. Mimi ningemlipa mtu anitungie fomula kwa jina langu, nitafute kiwanda kingine, na mkataba useme hawabadilishi kiungo bila saini yangu, na chupa kadhaa za kila bechi zinabaki kwangu.

Mkaa Tabata: Mkataba Bongo hii? Atasaini na atabadilisha.

Mleta uzi: Ndicho kinachoniuma hicho. Banda la SIDO nimeshaulizia, nasubiri jibu.