Tupeane uzoefu: tangazo fupi la mbolea ya kupandia mahindi

Mwandishi_Mbale: Waliowahi kuandika tangazo la video la sekunde 45 kuhusu DAP kwa wakulima wadogo, leteni yanayofanya kazi na yanayoharibu.

Pembejeo_Masindi: Sema kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo, basi. Habari za gramu mkulima hana haja nazo.

Bwanashamba_Kapchorwa: Ni kweli, lakini inategemea nafasi. Kizibo cha chuma kilichosawazishwa kwa kidole kinabeba gramu 5 hivi. Ukipanda sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000, na mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha. Nafasi ikiwa 75 kwa 30, mashimo ni maradufu na mfuko unaishia katikati ya shamba. Mkulima atasema ameibiwa. Kwa hiyo onyesha kwanza kamba yenye mafundo, kizibo baadaye. Na useme “cha chuma”, kwa sababu cha plastiki cha chupa ya maji ni kikubwa zaidi.

Kinachoharibu zaidi ni mhariri. Anakata picha ya udongo kwa kuwa anaiona inachosha. Mbolea inaingia, mara mbegu inaingia. Mkulima anaiga alichokiona, mbegu inalala juu ya DAP, inaungua, halafu lawama zinaenda kwa mbegu. Mimi ningeandika hivi:

Mkono unamwaga kizibo. Sauti: “Shimo moja, kizibo kimoja.”
Mkono unarudisha udongo, kamera karibu, sekunde 6 bila kukata. Sauti: “Funika mbolea. Udongo unene wa vidole viwili.”
Mbegu mbili juu ya udongo huo. Sauti: “Sasa mbegu. Mbegu isiguse mbolea.”
Kisha zifukiwe.

Kabla ya kurusha, mwonyeshe mkulima mara moja bila sauti, umpe jembe na kizibo. Akiruka udongo, rekodi upya.

Mwandishi_Mbale: Mavuno yaonekane mwanzoni au mwishoni?

Bwanashamba_Kapchorwa: Mwanzoni, sekunde 3 tu. Wengine wanapenda mwisho, nao wana hoja.

Nyabo_Luwero: Langu ni la redio, dawa ya magugu ya glaifosati. Nitaje kipimo kwa ekari?

Bwanashamba_Kapchorwa: Hilo ni tofauti, nyabo. Anza na hatari: ikigusa mahindi yaliyokwisha kuota, yanakufa. Ipulizwe kabla ya kupanda. Dawa hizi hazina nguvu sawa, hivyo kipimo waache wasome kwenye lebo.

Nyabo_Luwero: Lebo ni ya Kiingereza, sebo, na bibi wa kijijini hasomi. Asipokisikia redioni, atakisikia wapi?

Pembejeo_Masindi: Dukani. Mwenye duka amsomee kabla ya kupokea hela.

Nyabo_Luwero: Na yule anayenunua kwa mchuuzi wa gulioni?