Tupeane uzoefu: mzazi kaanza kuchati, anakutana na BRB, IMO na TBH

Mkwe_Nansio
Wakuu, wenye wazazi waliotoka kwenye kiswaswadu wakaingia kwenye simu kubwa, naomba mnielewe. Mama mkwe yuko Nansio, mwanawe yuko hapa mjini. Mama kaandika vizuri kabisa: "Bati za banda zitakula shilingi ngapi?" Kijana akajibu: "laki mbili imo, brb". Yeye alimaanisha anakadiria laki mbili, na kwamba ametoka kidogo atarudi. Mama akasoma kama mtu yeyote angesoma: laki mbili imo, yaani imeshaingia kwenye simu. Akaenda kwa muuza bati, akachagua, zikafungwa, kufungua salio hakuna kitu. Hayo mengine, brb, alidhani ni jina la wakala. Nyie wazazi wenu mliwaelezaje?

Kirumba_Mjukuu
Imo hiyo imetutesa wengi.

Fundi_Makoroboi
Hapo kosa ni la mwandishi, si la mama. IMO ina mitego miwili. Ukiiandika kwa herufi ndogo inageuka Kiswahili safi: hela imo, chumvi imo, nyama imo kwenye ndoo. Ukiiandika kwa herufi kubwa, mzee anakumbuka ile programu ya kupigiana simu za video, anadhani unamwambia mhamie huko. Sasa pesa ikitajwa kwenye sentensi hiyohiyo, mtego wa kwanza ndio mbaya zaidi. Andika "naona laki mbili". Umeongeza herufi mbili tu.

Bugando_Dada
Imo mbona rahisi? Ingia Play Store, pakua, weka namba ya simu, subiri tarakimu za kuthibitisha, basi. Mama atakuona sura. Akikosa nafasi kwenye simu mfutie video za kwenye magrupu kwanza.

Mkwe_Nansio
Dada, asante, ila siulizii programu. Ni yale maneno ya kifupi.

Mwl_Igoma
Mimi nawafundisha watu wazima simu, na njia ya kuwaambia "BRB ni be right back" haifai. Umemtoa kwenye herufi tatu asizozijua ukampa maneno matatu asiyoyajua. Mzazi anataka kujua afanye nini akiiona. Kwa BRB mwambie: mwenzako ameiweka simu kando, usimsubiri ukiwa umekodoa macho, na usimpigie ukidhani amekatika. Atarudi mwenyewe. Kwa TBH mwambie: anataka kusema la moyoni, pengine halitakupendeza, soma kinachofuata. Kwa IMO: hayo ni maoni yake, hujalazimishwa.

Na kuna kipimo rahisi cha kumpa. Ifunike hiyo herufi kwa kidole, usome kilichobaki. TBH na IMO ukizifunika ujumbe bado unasimama. BRB ukiifunika mara nyingi hakuna kinachobaki, kwa sababu yenyewe ndiyo ujumbe. Kwa hiyo mwanzie na BRB, nyingine zitakuja polepole.

Fundi_Makoroboi
Mwalimu, kwa IMO sikubali. Funika imo kwenye "laki mbili imo" kinabaki "laki mbili". Ilikuwa makadirio, imekuwa bei. Au baba anauliza ang'oe mihogo, mtoto anajibu "IMO ng'oa". Ukifunika, ni amri. Baba kesho yuko shambani na jembe.

Mwl_Igoma
Kwenye bei na amri nakubali kipimo kinapwaya. Kwenye maongezi ya kawaida kinatosha. Mzee wa miaka 70 huwezi kumpa kanuni zote siku moja.

Kirumba_Mjukuu
Halafu BRB haisemi dakika ngapi. Vijana wanamaanisha dakika tano, kumi, wengine hawarudi kabisa. Kibaya zaidi, mama anaona pale juu pameandikwa online, anasema "mbona yupo na hanijibu?" Mwelezeni kwamba online ni kuwa WhatsApp imefunguliwa kwenye simu ya yule mtu, haimaanishi anasoma ujumbe wako. Anaweza kuwa anajibu wengine. Au bora mtoto aandike "nakuja, dakika 10" ugomvi uishe.

Mzigo_Mwaloni
Ngojeni niwape ya TBH maana hii iliuma. Mama mmoja anauza dagaa hapa Mwaloni, mteja wake yuko Dodoma. Mama akauliza mzigo upande basi gani. Mteja akaandika: "TBH basi la jioni". Alitaka kusema kwa ukweli basi la jioni ndilo zuri. Mama akachukua TBH kuwa jina la basi! Akapeleka magunia Nyegezi, akazunguka stendi nzima akiulizia TBH la jioni. Wapiga debe kila mmoja anamwelekeza kwake. Mabasi ya jioni yakaondoka. Magunia yakalala nje, usiku mvua ikanyesha, na dagaa wakavu wakishapata maji mnajua wenyewe, asubuhi wameshaanza kunuka. Mteja akakataa mzigo, na mama hana wa kumdai.

Bugando_Dada
Jamani! Pole yake. Mteja hakufidia hata nusu?

Mzigo_Mwaloni
Hakufidia. Anasema aliandika vizuri.

Kirumba_Mjukuu
Mteja alipe, huo ni uonevu.

Fundi_Makoroboi
Mama naye angepiga simu. Mzigo wa hela yote hiyo unauliziaje kwa chati?

Mzigo_Mwaloni
Alipiga, mteja hakupatikana. Usimlaumu mtu hujamjua.

Mwl_Igoma
Tumwache mama wa watu. Angalieni ilikokaa ile TBH: imegusana na neno basi, kwa herufi kubwa, mahali ambapo jina la kampuni hukaa. Kifupi kisikae jirani na kitu chenye jina, iwe basi, dawa, benki au kituo.

Sengerema_Tech
Suluhisho lipo. Chukua simu ya mama, ingia kwenye kamusi ya kibodi, andika brb sawa na "nakuja". Meseji zikiingia zitajitafsiri.

Fundi_Makoroboi
Hapana mkuu. Kamusi hiyo inafanya kazi kwenye unachokiandika wewe, haigusi kinachoingia. Iweke kwenye simu ya mtoto. Kwa Gboard: fungua mipangilio ya kibodi, Dictionary, Personal dictionary, chagua All languages, gusa alama ya kujumlisha. Mstari wa juu andika "nakuja, dakika 10", wa chini kwenye njia ya mkato andika brb. Wengi wanageuza hiyo mistari, halafu wanasema haifanyi kazi. Na ukiandika brb, maneno kamili yanatokea juu ya kibodi, lazima uyaguse. Ukipita bila kugusa, brb inaenda hivyohivyo.

Sengerema_Tech
Sawa, nilichanganya. Na aifoni?

Fundi_Makoroboi
Settings, General, Keyboard, Text Replacement. Yenyewe inabadilisha ukibonyeza nafasi. Ila imo usiiweke humo, maana siku ukitaka kuandika "hela imo" kweli, itakugeuzia "naona".

Mkwe_Nansio
Kwa upande wa mama, nimwandikie maelezo ya mwalimu kwenye chati yake?

Mwl_Igoma
Andika matatu tu, kisha bonyeza huo ujumbe kwa muda, chagua Pin, uweke siku 30. Utakaa juu ya chati yenu, hatautafuta. Zikiisha anaweza kubandika tena. Kama haoni vizuri, mrekodie sauti badala ya maandishi, nayo inabandikwa.

Kirumba_Mjukuu
Mimi bado nasema vijana waandike Kiswahili.

Bugando_Dada
Kiswahili kipi, cha "xaxa" na "2po"? Hicho nacho mama hakielewi.