Skripti ya kumjibu aliyesema Amin ndiye aliyeleta Kiswahili

Kijana wa Ntinda: Wakubwa, kuna jamaa mwenye chaneli kasema Kiswahili kililetwa Uganda na Idi Amin. Nataka kumjibu kwa heshima na ushahidi. Video yangu inaanza: "Ndugu huyu hajui historia." Mnaonaje?

Mwalimu wa Mbale: Futa mstari huo. Ukianza na mtu, mashabiki wake watamtetea yeye, na hoja hakuna atakayeisikia. Weka klipu yake nzima, sekunde 20, bila kuikata panapokufaa. Kisha mpe haki yake: kweli, mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa, na hapo ndipo wengi wanapochanganya. Ndipo useme: "Lakini kutangaza si kuleta. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza kitumike shuleni na serikalini, na Kabaka Daudi Chwa akakipinga. Wangebishania lugha ambayo haipo?" Ukurasa unaousoma uonekane wote, mwaka na kichwa chake, tena ukae muda wa mtu kuusoma. Ukionyesha mstari mmoja uliokatwa, utaambiwa umeuokota popote.

Mama wa Kisenyi: Mwaka huo Amin ama kichanga ama hajazaliwa! Lakini jamani, Kiswahili chetu si cha askari na wezi? Mwaka 1979 kiliingia na bunduki.

Mwana wa Bombo: Wezi unamsema nani? Babu yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, na hakuiba hata kuku. Nyumbani tunaongea Kinubi, na Kiswahili tumekirithi kwake.

Mama wa Kisenyi: Sikumtaja babu yako. Sisi tulisimamishwa vizuizini kwa Kiswahili, wewe ulirithi.

Boda wa Jinja: Mnapoteza muda. Baraza la Mawaziri lilikipitisha 2022, basi ni rasmi, mjadala umekwisha.

Mwalimu wa Mbale: Nusu yake ndiyo. Urasmi ulikuwamo kwenye Katiba tangu marekebisho ya 2005, ibara ya 6: lugha rasmi ya pili, itumike katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Kijana, usiigusie kwenye video. Dai lake ni la nani alikileta, ukiongeza Katiba atakujibu hapo na kuliacha lile la kwanza. Na usisimamishe picha mdomo wake ukiwa wazi. Heshima ya maneno haifichi dhihaka ya picha.

Mwana wa Bombo: Mwalimu, na askari wa KAR mbona humtaji? Huo ndio ushahidi mzito zaidi.

Mwalimu wa Mbale: Mzito, ila babu yako hawezi kuonyeshwa kwenye skrini. Mtafutie barua yake.

Mwana wa Bombo: Barua ya babu ni mimi.

Kijana wa Ntinda: Nimemtumia jamaa skripti kabla ya kurekodi. Kajibu neno moja: "Sawa." Sasa hiyo sawa ni ya amani au ya subiri uone?

Mama wa Kisenyi: Kwetu hiyo ni ya kizuizini.