Saifa ya Hill: nichague 2x2, 3x3, au nihamie mod 29?

dau_la_shela: Salamu jamani, niko Lamu nasoma matriksi, tumepewa saifa ya Hill ile ya 1929. Nimekwama, nitumie ufunguo wa 2x2, 3x3, au nibaki 2x2 niongeze alama tatu ziwe 29? Nataka mtu asiifungue hata akijua maneno mawili matatu niliyoandika.

nahodha_mstaafu: Weka 5x5 mwanangu, funguo zake ni nyingi mno, kompyuta itajaribu mpaka ichoke.

bi_hesabu_mld: Mzee, kwa kujaribu mmoja mmoja sawa, ila nani atahangaika hivyo? Saifa yenyewe ni C = KP tu. Chukua A=0, B=1, na ufunguo huu:

```
K = 3 2
    5 7
```

LA inakuwa HD, SH inakuwa QJ. Mimi nikizijua hizo jozi mbili nazipanga kama safuwima:

```
P = 11 18    C = 7 16
     0  7        3  9
```

Ditaminanti ya P ni 77, yaani 25 kwa mod 26, inageuzika, basi K = C·P⁻¹ na ufunguo wako mikononi mwangu. Ukiweka 5x5 nahitaji jozi tano za herufi tano tano, na salamu ndefu ya mwanzo wa barua yatosha.

dau_la_shela: Lo! Lakini nimejaribu LAMU peke yake, LA→HD na MU→YS, ditaminanti inatoka 12 haina kinyume. Si nimepona hapo?

bi_hesabu_mld: Hujapona, kaka. 12 inagongana na 2 tu, kwa 13 haina shida, kwa hiyo K yote naijua mod 13. Mod 2 safuwima ya kwanza naijua, ya pili sijui, lakini K lazima igeuzike, zinabaki funguo mbili tu: wako, na huu:

```
3 15
5 20
```

Zote mbili zinatoa HDYS, ebu zidisha uone. Nafungua barua kwa kila mmoja, inayosomeka ndiyo yako. Na hiyo 29 ndiyo inanirahisishia zaidi, maana ni namba tasa, ditaminanti yoyote isiyo sifuri inageuzika, sipati hata kikwazo hiki.

kijana_wa_silversands: Samahani mimi nimesahau pasiwadi ya simu, hizi matriksi zaweza kunisaidia?

nahodha_mstaafu: Wewe nenda kwa fundi 😂

mkuu_wa_jahazi: Na ukijumlisha vekta ya siri, C = KP + v?

bi_hesabu_mld: Natoa bloku moja kwenye nyingine v inapotea, nahitaji jozi moja zaidi, basi.

mkuu_wa_jahazi: Je v ikibadilika kila bloku?

bi_hesabu_mld: Inabadilika kwa kanuni gani? Ikiwa inaongezeka kwa hatua ileile bado nitaitoa, ikiwa ya bahati nasibu kweli utaipelekaje kwa mwenzako?

dau_la_shela: Ngoja nizidishe kwanza hiyo ya 15 na 20, siamini.