Koti la suti la mtumba: niandike saizi ya lebo, upana wa kwapa, au mzunguko wa kifua?

Binti_Ilala: Habari zenu. Nauza koti la suti la mtumba, lebo inasema 40. Nimelilaza mezani, vifungo vimefungwa: kwapa hadi kwapa inchi 21½, bega hadi bega 18, mkono 24½. Mteja wa kwanza alisoma 21½ akadhani ni la mtoto. Niandike lipi?

Mzee_Kanda: Andika mzunguko, 43. Kila mtu anajua kifua chake kwa mzunguko.

Cherehani_Nyeusi: Hapo mzee umepatia nusu. Lebo ya 40 ni kifua cha mtu, 43 ni koti lenyewe. Zile inchi 3 ni nafasi ya kupumua na kuvaa shati. Ukiandika "kifua 43" peke yake, mtu wa kifua 43 atanunua na halitafunga. Dada, andika hivi: "Kwapa hadi kwapa 21½ likiwa limelazwa. Pima koti lako linalokukaa vizuri, ulinganishe." Na bega liwe la kwanza kwenye tangazo. Kiuno fundi anapunguza, bega kulirekebisha ni kulibomoa koti.

Juma_wa_Tanga: Mkono si unapimwa kuanzia katikati ya shingo nyuma? Shati langu limeandikwa shingo 15½ na mkono 34, kwa hiyo 24½ ni fupi mno.

Cherehani_Nyeusi: Kwa shati la lebo ya namna hiyo, sawa. Mkono wa koti unaanzia mshono wa bega. Taja ulipoanzia, ubishi utaisha.

Mama_Suti: Mimi niliuzia mtu koti bila kusema mikono ilikatwa. Alitaka kuirefusha, ndani hakukuta pindo. Nilirudisha hela yote. Lako limeguswa na fundi?

Binti_Ilala: Ndiyo. Mikono imepandishwa inchi 1, kitambaa kimekunjiwa ndani. Kiuno kimebanwa kwenye mshono wa mgongo. Bitana imechanika kidogo chini ya kwapa la kushoto.

Cherehani_Nyeusi: Yaseme yote. Geuza mkono uangalie bitana: kama haikupunguzwa pamoja na kitambaa, itachungulia kwenye ncha ya mkono. Mkunjo wa zamani nao huacha mstari, hasa kwenye rangi nyeusi, kwa hiyo usiahidi kwamba mkono ukirefushwa hautaonekana. Kiuno, papasa mshono wa mgongo kwa ndani useme kitambaa kilichobaki. Kwapani piga picha bitana ikiwa nje. Mchaniko mdogo unashonwa, ila kitambaa kilicholika kwa jasho ni habari nyingine.

Mzee_Kanda: Basi lebo iondoke kabisa, kiuno si cha 40 tena.

Mama_Suti: Ikiondoka hakuna atakayelipata akitafuta "40". Mimi naiacha, naongeza "kiuno kimebanwa".

Binti_Ilala: Nimepapasa, mgongoni imebaki nusu inchi kila upande. Naanza na bega 18. Lebo bado sijaamua.