Mtoto alipata rota zote mbili, bado kalazwa kwa kuharisha. Mdogo wangu amchanje wake?

MamaSalome_Moro
Habari za jioni wanajamvi. Naombeni ushauri, nyumbani hatuelewani. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi miwili. Kadi yake ya kliniki imejaa, rota ya wiki ya 6 na ya wiki ya 10 zote alipata kwa wakati. Juzi alianza kutapika usiku, asubuhi akaanza kuharisha maji matupu. Kufika mchana macho yameingia ndani, analia hana machozi. Tukalazwa, akawekewa dripu, kesho yake akaendelea na ORS na vidonge vya zinki. Sasa anacheza, namshukuru Mungu.

Tatizo ni mdogo wangu. Kichanga chake kinatimiza wiki 6 wiki ijayo, na ameapa rota hampi. Anasema kama chanjo ingekuwa inafanya kazi, wa kwangu asingelazwa. Mama mkwe wake anaongeza kwamba chanjo ndiyo iliyoleta ugonjwa. Nimwambie nini?

Chuma_Mzee
Pole sana mama. Hiyo siyo rota, hayo ni meno ya plastiki. Mtoto akiharisha hivyo mfungue mdomo, utaona ufizi umevimba. Kuna bibi huku kwetu anayatoa, mtoto anapona siku ya tatu.

Nesi_wa_Zamu
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapana. Hicho kinachoonekana cheupe kwenye ufizi ni jino chonge la mtoto ambalo bado halijatoka. Nimepokea wodini mtoto aliyechimbwa ufizi kwa spoku ya baiskeli, amekuja na usaha na homa juu ya kuharisha. Kupona siku ya tatu ni kwa sababu kuharisha kwa virusi mara nyingi hupungua kwenyewe ndani ya siku chache, kama mtoto hakuishiwa maji kabla.

Mama Salome, nianze na swali lako la kwanza. Je, walipima kinyesi na kukuambia ni rota?

MamaSalome_Moro
Hapana dada, hawakupima. Walisema tu kaishiwa maji.

Nesi_wa_Zamu
Ndivyo ilivyo wodi nyingi, kwa sababu tiba ni ileile. Kwa hiyo hatujui kama ilikuwa rota. Kuna vijidudu vingi vinavyoharisha watoto, na chanjo hii inazuia kimoja tu. Dalili ulizoeleza, kutapika kwanza halafu maji matupu, zinafanana na rota, lakini virusi vingine navyo huja hivyohivyo.

Tuseme ilikuwa rota kweli. Chanjo hii haizuii kila mtoto kuharisha. Kazi yake kubwa ni kupunguza ule ugonjwa mkali wa kufikishwa kwenye dripu, na kinga yake hupungua mtoto akiingia mwaka wa pili, umri aliomo wako.

Huku kwetu inafanya kazi pungufu kuliko nchi tajiri, hilo sitamficha mdogo wako. Utafiti uliotoka mwaka 2010 uliwafuata watoto wa Afrika Kusini na Malawi. Katika mwaka wa kwanza wa mtoto, Afrika Kusini chanjo ilizuia takriban asilimia 77 ya kuharisha kukali kwa rota, Malawi asilimia 49. Mtu akisikia 49 anaitupa. Lakini hesabu kwa vichwa: katika kila watoto 100 waliochanjwa, Malawi waliepushwa karibu 7 wasiugue vibaya, Afrika Kusini karibu 4. Nusu ya Malawi ilikuwa kubwa kuliko robo tatu za Afrika Kusini, kwa sababu Malawi wanaougua vibaya ni wengi zaidi tangu mwanzo. Baadaye Malawi ilipoiweka kwenye ratiba ya nchi, vifo vya wachanga kwa kuharisha vilipungua kwa takriban asilimia 31. Sisi Tanzania tulianza 2013.

Baba_Zawadi
Nakubaliana na nesi. Ila sababu ya kufanya kazi pungufu ni maziwa ya mama. Yana kinga, yanaiua chanjo tumboni. Mwambie mdogo wako asinyonyeshe saa moja kabla na saa moja baada.

Nesi_wa_Zamu
Kaka, umepatia nusu. Kinga ya mama ni kweli inahusika, ile anayozaliwa nayo mtoto na hata ya kwenye maziwa. Yamo pia mengine: lishe duni, vijidudu vilivyojaa utumboni mapema, na matone ya polio yanayotolewa siku hiyohiyo. Lakini kusimamisha kunyonyesha kumejaribiwa katika nchi kadhaa na hakukuongeza kinga. Anyonyeshe kama kawaida. Mtoto akilia kwa njaa matone yenyewe hayamezeki.

Dida_Kilifi
Huku Kenya tulianza 2014. Mimi nina swali langu, samahani kama naingilia. Wa dada yangu alichanjwa rota, na baada ya siku chache tumbo likajaa, analia kwa vipindi huku amekunja miguu, na choo chenye damu kama jeli. Akapasuliwa. Daktari alisema utumbo umeingia ndani ya utumbo. Je, si chanjo hiyo?

Nesi_wa_Zamu
Poleni sana. Kwa mtoto mmoja hakuna awezaye kukuhakikishia, maana ugonjwa huo huwapata wachanga hata wasiochanjwa, tena katika umri huohuo. Hofu yenyewe ina chanzo cha kweli: chanjo ya kwanza kabisa ya rota iliondolewa Marekani mwaka 1999 kwa sababu hiyo. Hizi za sasa ni nyingine. Utafiti wa nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, uliotoka 2018, haukukuta ongezeko baada ya chanjo. Lakini dalili ulizotaja kila mzazi azijue. Akiziona ni hospitali saa hiyohiyo, wala asisubiri asubuhi.

MamaSalome_Moro
Asante dada. Na hili la mama mkwe, kwamba chanjo ndiyo iliyoleta ugonjwa?

Nesi_wa_Zamu
Ndani yake kuna kirusi hai kilichodhoofishwa, kwa hiyo siku chache baada ya matone mtoto anaweza kulegea choo kidogo. Wa kwako alipata ya mwisho akiwa na wiki 10. Mwaka umepita.

Kwa mdogo wako jambo kubwa ni muda. Huku kwetu wengi hulazwa kwa rota kabla ya kutimiza mwaka, kwa hiyo kuahirisha ni kumwacha wazi wakati wa hatari. Na hata akichanja, aweke pakiti mbili za ORS ndani. Pakiti ya lita moja iingie kwenye lita moja ya maji safi, asikadirie kwa macho. Mtoto apewe kwa kijiko kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea polepole zaidi. Kunyonya kusisimame.

Baba_Zawadi
Na aliyechelewa? Wangu ana miezi saba, tulikuwa safarini, rota hakupata hata moja. Kliniki wamesema muda umepita.

Nesi_wa_Zamu
Hapo mtakuta majibu tofauti. Zamani dozi ya kwanza haikutolewa baada ya wiki 15. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani linaruhusu aliyechelewa apate hadi miezi 24, lakini vituo vingine bado vinafuata ukomo wa zamani. Nenda na kadi, omba kuonana na mratibu wa chanjo wa wilaya.

Chuma_Mzee
Nesi, hiyo zinki ni ya siku ngapi? Mjukuu wangu aliacha kuharisha siku ya tatu tukaikatisha.

Nesi_wa_Zamu
Siku 10 mpaka 14 mzee, hata kama ameacha kuharisha. Chini ya miezi sita nusu kidonge cha miligramu 20, kuanzia miezi sita kidonge kizima.

MamaSalome_Moro
Nimemsomea mdogo wangu uzi wote kwa simu. Hesabu ya Malawi kaomba nimrudie mara mbili. Kasema kliniki atakwenda, ila mama mkwe bado amenuna.