Naomba ushauri: maneno ya muda kwenye tangazo la vocha za zawadi

Wakuu, naandaa tangazo la vocha za zawadi za sikukuu na nimekwama kwenye sentensi ya muda. Rasimu inasema: "Inatumika ndani ya miezi 6 tangu siku ya kununuliwa." Tatizo ni kwamba anayeisoma siyo aliyenunua. Vocha ikinunuliwa tarehe 20 Novemba na kukabidhiwa 25 Desemba, zaidi ya mwezi umeshapita, na mpokeaji hajui hesabu ilianza lini. Akifika tarehe 10 Juni anadhani bado ana siku 15, kumbe iliisha 20 Mei. Ugomvi wa kaunta huanzia hapo.

Nafikiria kuchapa tarehe kamili kwenye vocha yenyewe: "Mwisho wa kutumia: 30 Juni", iwe moja kwa vocha zote za msimu huu. Je, mnunuzi wa kuchelewa ataona amepunjwa, au niweke miezi 12?

La pili ni salio. Mwenye vocha ya 100 akichukua kitu cha 70, nimeandika: "Salio hubaki kwenye namba ya vocha hadi tarehe ya mwisho, halirudishwi kwa fedha taslimu." Inaeleweka?

Kuhusu bahasha, risiti yenye bei inabaki kwa mnunuzi, na kadi ina nafasi ya "Kwa" na "Kutoka kwa". Masharti nayaweka nyuma ya kadi, ila namba ya vocha naona ikae mbele. Mnaonaje?